Mama anapaliwa akila nasi mezani, kaka anataka nimlishe chumbani

Shikamoo Mama,

Mimi ni binti wa miaka 41, ninaishi Tabata na mama yangu mzazi mwenye miaka 72. Huu ni mwaka wa sita tangu aambiwe kuwa ana ugonjwa wa Parkinson. Mkono wa kulia unatetemeka, mwili umekakamaa, na kutoka kitandani hadi sebuleni humchukua dakika kumi. Anatumia vidonge vya levodopa na kabidopa, kimoja mara tatu kwa siku. Bahasha ya dawa iliandikwa 1x3 tu, kwa hiyo tumekuwa tukimpa akishakula: saa 2 asubuhi baada ya chai ya maziwa, saa 8 mchana baada ya chakula cha mchana, na saa 2 usiku baada ya chakula cha usiku.

Tangu mwaka jana amekuwa akipaliwa. Miezi miwili iliyopita alilazwa kwa nimonia. Wodini dawa yake ilitolewa pamoja na za wagonjwa wengine, mara nyingine ikiwa imechelewa saa tatu nzima. Alipotapika alichomwa sindano ya kuzuia kutapika, na kesho yake tulimkuta amekakamaa kama gogo. Hakuna aliyetueleza sababu.

Tangu arudi, dada wa kazi huponda kidonge na kukikorogea kwenye bakuli la uji wa maziwa bila mama kujua, kwa sababu vidonge vinamkwama. Wiki iliyopita alipaliwa na wali mezani mbele ya wajukuu. Dada alimkimbizia maji, akazidi kupaliwa mpaka macho yakamtoka. Kaka yangu mkubwa aliyeko Dodoma, ambaye ndiye anayelipia matibabu, ameagiza mama asikae tena mezani: alishwe uji peke yake chumbani, na akizidi kukonda awekewe mpira wa kulishia. Mama amejibu, "Mimi si kichanga, na sijafa." Mimi hutoka saa 11 alfajiri kwenda Kariakoo na kurudi saa 12 jioni. Nikimtii kaka, naona ninamfungia mama. Nikimkatalia na mama akapaliwa tena, lawama zote ni zangu. Nifanye nini?

Binti wa Tabata

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu limerudi kwenye zile saa ulizoziandika. Wewe na kaka yako mnabishana kuhusu mahali pa kumlishia mama, mezani au chumbani. Naomba mahali tupaache kwanza, tuangalie saa, kwa maana katika ratiba yenu mama hukaa kula wakati ambapo dawa yake imekwisha nguvu, kisha humeza dawa chakula kikiwa kimekwishashuka kwa taabu. Kidonge cha saa 2 usiku ndicho cha mwisho mpaka saa 2 asubuhi ya pili. Kwa hiyo ile chai ya asubuhi anainywa akiwa amekaa karibu saa kumi na mbili bila dawa, na chakula cha mchana anakila karibu saa sita baada ya kidonge cha asubuhi.

Levodopa ni dawa ya muda mfupi. Ubongo huigeuza kuwa dopamini, ile kemikali ambayo ugonjwa huu umeipunguza na ambayo bila yake misuli haipati amri ya kuanza na kwenda kwa wepesi. Nusu ya dawa hutoweka kwenye damu ndani ya takriban saa moja na nusu. Mtu akiimeza tumbo likiwa tupu, kwa kawaida huanza kuona nafuu kati ya nusu saa na saa moja. Mwanzoni mwa ugonjwa ubongo bado una akiba yake, hivyo kidonge kimoja huonekana kubeba nusu siku. Kadiri miaka inavyokwenda akiba hiyo hupungua, na mgonjwa huanza kuishi kwa kufuata kidonge: kikipanda anasimama, kikishuka anakwama. Mama yako yuko mwaka wa sita, na ningependa kujua kama umewahi kumwona akiwa mwepesi saa fulani na mzito saa nyingine siku hiyo hiyo.

Tunasahau kwamba kumeza nako ni mwendo. Tunaona mkono unaotetemeka na hatua fupi fupi, lakini hatuoni kuwa ulimi, mashavu na koo vimekakamaa vilevile. Mtazame mama akiwa na tonge mdomoni. Kwa wengi wenye ugonjwa huu, ulimi hulisogeza tonge mbele na nyuma, mbele na nyuma, bila kulisukuma kooni, na linaposhuka, kile kilango kinachofunika njia ya hewa huwa kimechelewa kufunga. Hapo ndipo anapopaliwa. Hata mate yanayomchuruzika, kama yanamchuruzika, kwa kawaida hayatoki kwa kuwa yamezidi. Yanatoka kwa kuwa anayameza mara chache mno. Daktari Mwingereza James Parkinson alipoueleza ugonjwa huu mwaka 1817 aliandika habari za chakula kinachomezwa kwa shida na mate yanayotiririka, kwa hiyo jambo hili si geni wala si kosa la dada wa kazi.

Sasa ongeza maziwa. Levodopa hufyonzwa katika utumbo mwembamba kwa kupitia mlango uleule unaopitisha protini iliyosagwa tumboni, na ikishafika kwenye damu hukutana na protini hiyo tena inapotaka kuingia kwenye ubongo. Kidonge kinachofuata chai ya maziwa, maharage au samaki kinakuta foleni. Kinaweza kuchelewa, au kisifike kwa nguvu yake yote, na familia ikadhani dawa imeshindwa. Pamoja na hayo, tumbo la mtu mwenye Parkinson lenyewe huwa zito kumwaga chakula kwenda utumboni, hivyo kidonge kinaweza kukaa juu ya chakula muda mrefu kabla hakijaanza hata safari. Kama mama anakosa choo siku tatu au nne, mweleze daktari, kwa kuwa hilo nalo huisumbua dawa.

Ningekuwa na wewe kliniki, ningemwomba daktari aitazame ratiba hii, vidonge vikiwa vilevile vitatu: saa 12 na nusu asubuhi, saa 6 na nusu mchana, na saa 12 na nusu jioni, na chakula kije saa moja baadaye, yaani saa 1 na nusu asubuhi, saa 7 na nusu mchana, na saa 1 na nusu usiku. Kitu kilichobadilika hapo ni kimoja tu, dawa kutangulia chakula badala ya kukifuata. Usiibadili kimya kimya, na usiongeze kidonge cha nne kwa kuona vitatu havitoshi. Huenda daktari akaona ni bora kukigawa kipimo au kuongeza dozi ya alfajiri, na ana sababu za kupima shinikizo la damu la mama akiwa amelala na akiwa amesimama, kwa kuwa dawa hii huweza kulishusha anapoinuka. Mwambie dada amkalishe kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika chache kabla hajamsimamisha. Kidonge kikimletea kichefuchefu tumbo likiwa tupu, vijiko vichache vya papai lililopondwa au uji mwepesi usio na maziwa huweza kumtuliza bila kuizuia dawa.

Dozi ya jioni utaisimamia mwenyewe kwa kuwa unarudi saa 12. Ile ya asubuhi na ya mchana zimo mikononi mwa dada wa kazi, na hapo lazima tuwe wakweli: maneno "asubuhi, mchana, jioni" hayamsaidii. Tega kengele ya simu kwa saa hizo tatu, na umwambie kwa nini kengele ikilia anaacha kufua. Dozi ikichelewa kwa zaidi ya nusu saa, chakula nacho kisogezwe mbele. Asimlishe kwa sababu tu sufuria imeiva.

Nina tahadhari moja hapa, na naomba uiwasilishe kwa kaka yako kama ilivyo. Koo halifuati dawa kwa utii kama mkono unavyofuata. Wapo wagonjwa ambao wakipata dawa kwa wakati humeza vizuri zaidi kwa wazi kabisa, na wapo ambao mkono na miguu hulegea lakini koo hubaki vilevile. Hatutajua mama yako yuko upande upi mpaka tumtazame. Kwa hiyo chukua daftari la kawaida, na kwa siku saba andikeni saa aliyomeza kidonge, saa alipoanza kuonekana mwepesi, saa aliyokula, alikula nini, na kama alikohoa. Ninalipenda daftari kuliko maelezo marefu, kwa kuwa daktari aliye na foleni ndefu mlangoni atalisoma kwa dakika mbili na kuona yote. Daftari likionyesha kwamba kikohozi kinakuja zaidi asubuhi kabla ya dawa, una jambo la kumwambia kaka. Likionyesha kwamba anakohoa saa zote hata akiwa mwepesi, basi saa peke yake haitoshi, na woga wa kaka yako una msingi.

Nakuja kwenye kile kidonge kinachopondwa. Kwanza, angalia boksi au mwulize mfamasia kama ni kidonge cha kawaida au ni kile kilichotengenezwa kutoa dawa polepole. Cha kawaida kinaweza kupondwa au kuyeyushwa pale daktari anaporidhia. Cha polepole hakipondwi kamwe, kwa kuwa dawa yote hutoka kwa mkupuo, mama akapepesuka au akaanza kuchezacheza mwili bila kutaka, kisha saa chache baadaye akabaki hana kitu. Pili, bakuli zima la uji si chombo cha dawa. Akiacha nusu ya uji ameacha nusu ya dawa, na hakuna ajuaye ni nusu ipi. Kama inabidi kipondwe, kiwekwe ndani ya kijiko kimoja cha papai lililopondwa, amalize kijiko hicho, kisha dada atazame chini ya ulimi na ndani ya mashavu kuhakikisha hakuna kilichonasa. Na tatu, mwanangu, mama hajui. Naelewa mlifanya hivyo kwa kumhurumia. Ila siku atakapogundua unga mchungu ndani ya uji, anaweza kuukataa uji na dawa kwa pamoja, na mtakuwa mmepoteza vyote viwili. Umewahi kumwambia wazi, "Mama, vidonge vinakukwama, tukupondee?" Sioni katika barua yako kwamba kuna mtu amemuuliza.

Kuhusu mlo wenyewe, nikwambie ninachokifanya mimi ninapomlisha mgonjwa wa namna hii, kwa kuwa nimefanya kazi hii wodini miaka mingi na mengi nimejifunza kwa kutazama koo. Ninamkalisha kwenye kiti chenye mgongo ulionyooka, si kochi la kuzama wala mkeka, nyayo zikiwa zimekanyaga sakafu. Mimi nakaa, sisimami, kwa sababu ukimlisha umesimama atainua uso kukutazama, na uso ukiinuka njia ya hewa hufunguka. Kijiko kinatoka chini, kidevu chake kimeinama kidogo kama mtu anayesoma kitabu kilicho mapajani. Tonge ni la kijiko cha chai. Kisha nasubiri. Kuna kifundo mbele ya shingo kinachopanda na kushuka mtu anapomeza, nami sipeleki kijiko cha pili mpaka nimekiona kimepanda na kushuka, na mara nyingi namwomba ameze tena mate matupu. Redio na televisheni zimezimwa, na simsemeshi akiwa na kitu mdomoni. Akimaliza hakai chini ya nusu saa wima kabla hajalala.

Kila baada ya matonge machache mwambie aseme "aaa" kwa sauti ndefu. Sauti ikitoka kavu, endelea. Ikitoka yenye majimaji, kama ya mtu anayesema huku akisukutua, kuna kitu kimebaki juu ya njia ya hewa. Akohoe, ameze tena, na msiendelee mpaka sauti isafike. Kipimo hiki kidogo kina thamani kuliko kusubiri kikohozi, maana katika ugonjwa huu kikohozi chenyewe hudhoofika, na chakula au mate huweza kuingia mapafuni kimya kimya bila mgonjwa kukohoa hata mara moja. Kwa hiyo siku ambayo hakukohoa haina maana kwamba alikuwa salama. Dalili nyingine ni homa zinazokuja na kuondoka, mlo unaozidi nusu saa, chakula kinachokutwa shavuni baadaye, na gauni linaloanza kumpwaya. Mojawapo ya hizo ikionekana, msisubiri tarehe ya kliniki.

Wali uliompalia haukuwa bahati mbaya. Punje kavu hutawanyika mdomoni na ulimi mzito hauwezi kuzikusanya. Karanga, bisi na mihogo ya kukaanga ni hivyo hivyo. Supu nyepesi yenye vipande vya nyama ni hatari kwa namna nyingine, kwani maji hukimbilia kooni wakati yeye bado anatafuta kutafuna nyama. Kinachoshuka vizuri ni chakula laini, chenye unyevu, cha namna moja: mtori, viazi vitamu vilivyopondwa, ndizi zilizoungwa nazi na kupondwa, samaki aliyechambuliwa miba yote na kuvurugwa ndani ya mchuzi mzito, ugali laini uliolowa mchuzi. Hicho ni chakula cha mezani, na wajukuu wanakila pia. Protini asinyimwe, kwa kuwa anakonda. Samaki na maharage yawe mengi zaidi kwenye mlo wa usiku, saa moja baada ya dawa.

Maji na chai ndivyo vigumu kuliko vyote, kwa kuwa vinakimbia. Wengine huvifanya vizito, na uji wenyewe ni mfano mzuri, lakini njia hiyo nayo ina gharama. Mgonjwa huchoka na vinywaji vizito akaacha kunywa, na katika joto la Dar es Salaam hilo ni jambo la siku mbili tu kabla hajakauka. Tena kinywaji kizito kikiingia mapafuni hutoka kwa shida kuliko maji. Kwa hiyo sikuambii umfanyie kila kitu kuwa uji. Anza na funda dogo dogo, kutoka kikombe kipana ambacho hakimlazimishi kuinua kichwa, bila mrija, na umtazame.

Siku akipaliwa tena, maji hapana. Akiwa anakohoa kwa nguvu, mwinamishe mbele na umwache akohoe, kwa sababu kikohozi hicho ndicho kinachomwokoa, na maji yanaongeza tu cha kukohoa. Akiwa hawezi kukohoa, hawezi kutoa sauti, na midomo inabadilika rangi, mwinamishe mbele na umpige kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega mara tano. Kikikataa kutoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, na uvute kwa ndani na juu mara tano, kisha rudia mgongoni, huku mtu mwingine akitafuta gari la kwenda hospitali. Dada wa kazi ajifunze hili wiki hii, kwa vitendo, akikufanyia wewe ishara tu bila nguvu.

Sasa turudi kwa kaka yako. Ninamsikia mtu aliye mbali, anayelipa, na anayeogopa simu ya usiku. Usimjibu kana kwamba hampendi mama. Ila njia aliyoichagua ina hatari ambazo huenda hajaziona. Anayelishwa peke yake chumbani hula haraka zaidi au kidogo zaidi, mara nyingi akiwa ameegemea mto kitandani, na akipaliwa kimya hakuna macho mengi ya kumwona. Uji mtupu wa kutwa nzima utamkondesha, na akikonda misuli ya koo nayo hudhoofika. Kwa upande mwingine, meza yenye wajukuu wanaocheka na kumsemesha ina hatari yake pia, kwa kuwa mama yako akigeuka kumjibu mtoto akiwa na tonge mdomoni anafungua njia ya hewa. Zipo familia ambazo humlisha mzee sehemu kubwa ya mlo nusu saa mapema, pakiwa kimya, kisha akaja mezani na vijiko vichache tu vya kushiriki. Zipo nyingine ambazo huwafundisha watoto kunyamaza bibi anapomeza. Sijui nyumba yako itabeba lipi, na sidhani ni kazi yangu kukuchagulia.

Mpira wa kulishia nao ni mada ya kuzungumza na daktari bila haraka. Unaweza kumpatia mtu chakula na dawa anaposhindwa kabisa, hasa akiwa mgonjwa wodini kwa siku chache. Lakini hauzuii mate yake mwenyewe kuingia mapafuni, kwa hiyo haumalizi nimonia kama wengi wanavyodhani. Kitu kinachopunguza ubaya wa mate hayo ni mswaki. Meno, ulimi na mashavu visafishwe asubuhi na kabla ya kulala, na kama ana meno ya bandia yatolewe usiku na kuoshwa, maana wadudu wa mdomo mchafu ndio wanaosafiri na mate hayo kwenda mapafuni. Katika nyumba nyingi ninazotembelea, hili ndilo la kwanza kusahaulika.

Kuna jambo la wodini ambalo linanisumbua tangu nilipoisoma barua yako. Yaliyompata mama yana maelezo, na mlistahili kuyapewa. Kwa wagonjwa wengi saa tatu za kuchelewa kwa kidonge si kitu. Kwa mwenye Parkinson ni saa tatu za kushindwa kugeuka, kukohoa na kumeza. Ile sindano siwezi kuisemea bila kuona cheti, lakini dawa ya kuzuia kutapika inayotumika sana kwetu ni metoklopramidi, ambayo wengi huiita Plasil, na dawa hiyo huziba dopamini ndani ya ubongo, yaani hufanya kinyume cha levodopa. Haloperidoli, inayotumika kumtuliza mgonjwa aliyechanganyikiwa, hufanya vivyo hivyo. Ipo ya kuzuia kutapika ambayo haiingii sana kwenye ubongo, domperidoni, ingawa daktari ataangalia kwanza moyo wa mama. Omba cheti cha kuruhusiwa, usome jina la sindano hiyo, na uliandike.

Andika karatasi moja ya mama, ikae kwenye mkoba wake pamoja na kadi ya bima: jina la dawa na kipimo chake kama kilivyo kwenye boksi, saa kamili za kumeza, dawa asizopewa, na namna anavyolishwa. Akilazwa tena, mpe karatasi hiyo nesi wa zamu na umwombe aitaje wakati wa kukabidhiana zamu, kwa kuwa neno lililosemwa asubuhi kwa zamu moja halivuki lenyewe kwenda zamu ya usiku. Beba vidonge vyake kutoka nyumbani, kwa maana duka la dawa la hospitali huweza kuwa halina. Na akishindwa kumeza, asikatishiwe dawa kimya kimya. Mwulize daktari waziwazi ataipata kwa njia gani. Levodopa ikikatizwa ghafla, mtu anaweza kukakamaa kupita kiasi, akapata homa kali na kuchanganyikiwa, na hiyo ni dharura.

Wataalamu wa umezaji ni wachache nchini mwetu, lakini Hospitali ya Taifa Muhimbili ina madaktari bingwa wa mfumo wa fahamu, na rufaa kutoka hospitali ya mkoa wako inaweza kukufikisha. Nenda na daftari la siku saba, na uombe mama atazamwe akimeza, si akitembea tu.

Lililobaki ni la mama mwenyewe. Amesema si kichanga na hajafa, na katika barua yote hayo ndiyo maneno yake pekee niliyoyasikia. Hata sauti ya watu wenye ugonjwa huu hufifia dawa ikishuka, hivyo huwa wanaamuliwa saa ambazo hawawezi kujibizana. Chagua jioni moja, karibu saa moja baada ya kidonge, utakapomwona uso umefunguka na mkono umetulia. Kaa naye kabla chakula hakijapakuliwa, kaka akiwa kwenye simu kama mama atapenda. Mweleze kilango cha koo, nimonia, mpira, na ile siku ya wali, bila kumpunguzia. Mwulize anachokiogopa zaidi, kupaliwa au kutengwa, na yuko tayari kuacha chakula gani ili abaki na kipi. Kisha mpe muda, maana jibu lake litatoka polepole. Msimmalizie sentensi.

Niandikie tena daftari likijaa, na umfikishie mama shikamoo yangu.